Jibu la swali moja, mwongozo mpana au simulizi: ni makala ipi ya safari itakayopatikana kwenye Google bila kurudiarudia maneno?

Aya hii niliiandika mimi, kwa ajili ya kampuni ndogo ya safari hapa Kisumu:

> "Je, unatafuta safari ya Msitu wa Kakamega? Safari ya Msitu wa Kakamega ndiyo safari bora kwa familia. Ukitaka safari ya Msitu wa Kakamega kwa bei nafuu, kampuni yetu hukuandalia safari ya Msitu wa Kakamega kila wikendi."

Maneno yale yale matano yamejitokeza mara nne katika sentensi tatu. Makala nzima iliyarudia mara 19, kwa sababu programu-jalizi ya tovuti ilikuwa na taa ndogo ambayo haikukubali kugeuka kijani hadi nifikishe idadi fulani. Nikaifikisha. Wiki chache baadaye dada wa mapokezi akanionyesha ujumbe kwenye simu ya ofisi.

"Kaka, huyu mama amesoma makala yako yote, na bado anauliza aingilie Isecheno ama Buyangu."

Mama huyo alikuwa na haki ya kuuliza. Makala yangu ilikuwa na maneno karibu 700, na hakuna mahali ilipotaja kwamba msitu ule una pande mbili.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kurudiarudia ni dalili tu. Huanza pale unapochagua aina ya makala isiyolingana na ulicho nacho mkononi. Ukikosa jambo la kusema, unarudia jina la jambo. Kwa hiyo hapa ninalinganisha aina tatu ambazo kampuni za safari za upande wetu huandika zaidi: makala inayojibu swali moja, mwongozo mpana wa eneo zima, na simulizi ya safari iliyofanyika. Zote tatu nitazipima kwa safari moja ile ile, ya kutoka Kisumu kwenda Msitu wa Kakamega, ili tofauti ionekane.

## Kwanza, Google inafanya nini na maneno yako

Watu wengi bado wanaandika kana kwamba Google inahesabu. Zamani kidogo mtu aliweza kujaza orodha ya maneno kwenye lebo iliyofichwa ndani ya ukurasa, ile ya `meta keywords`. Mwaka 2009 Google walisema hadharani kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Mwaka 2013 walibadilisha mfumo wao ili ushike maana ya swali zima badala ya neno mojamoja, na maboresho ya 2019 yakaendeleza kazi hiyo. Leo kujaza maneno kumetajwa wazi katika sera zao dhidi ya ulaghai, pamoja na mbinu nyingine zinazoweza kushusha ukurasa au kuuondoa kabisa.

Hii haina maana kwamba maneno hayana kazi. Anayetafuta Kakamega hawezi kuletwa kwenye ukurasa usiotaja Kakamega. Jina la mahali liwepo kwenye kichwa, liwepo mapema katika aya ya kwanza, liwepo kwenye anwani ya ukurasa. Baada ya hapo kazi inabebwa na maneno jirani: majina ya vituo, barabara, wanyama, vifaa, saa. Ukurasa unaotaja Khayega, Shinyalu, Isecheno na Lirhanda unaeleweka kuwa unahusu msitu ule hata kama maneno "safari ya Msitu wa Kakamega" yametokea mara moja tu.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa kuliko tunavyofikiri. Tuna "huko", "humo", "pale", na tuna viambishi vinavyobeba nomino ndani ya kitenzi. Ukishasema "msitu", sentensi inayofuata inaanza na "unafunguliwa" au "humo utaona mbega", na hakuna atakayepotea. Ndiyo maana aya iliyojazwa inakera haraka sana kwa Kiswahili. Isome kwa sauti mbele ya mtu mmoja. Sehemu ambayo ulimi wako unataka kusema "huko" lakini macho yanakulazimisha kusema jina zima kwa mara ya tatu, hapo ndipo umejaza.

Na ile taa ya kijani? Zana nyingi za aina hiyo hutafuta mfuatano wa herufi ulioupanga. Hazitambui kwamba "kutembelea", "tulitembelea" na "utakapotembelea" ni neno moja. Zitakuambia hujatumia neno lako hata kama umelitumia mara sita. Mimi siku hizi naiangalia kwa mambo mawili tu: kama kichwa kipo na kama picha zina maelezo.

## Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua maswali manne, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama makala itasimama yenyewe au utaanza kuijaza.

La kwanza, maneno ya utafutaji yanatoka wapi: yanakuja yenyewe kutokana na jambo, au unayasukuma? La pili, kazi yake ni kiasi gani na unahitaji kuwa na nini kabla ya kuanza. La tatu, inamleta msomaji gani, yule aliye karibu kulipia au yule anayeota tu. La nne, inaharibika vipi, na utajuaje.

Kabla ya yote, kusanya maneno. Chanzo bora kwa kampuni ya safari ni jumbe za WhatsApp za wateja, kwa sababu humo watu wanauliza kwa maneno yao. Chanzo cha pili ni Google Search Console, ambayo ni ya bure: ripoti ya utendaji inaonyesha maneno ambayo watu waliandika, mara ngapi ukurasa wako ulionekana, na mara ngapi ulibofywa, hadi miezi 16 nyuma. Chanzo cha tatu ni mapendekezo yanayojitokeza unapoanza kuandika kwenye kisanduku cha Google.

Utagundua jambo moja mapema. Wateja wetu wengi wanauliza kwa Kiswahili kwenye simu, lakini wakifika Google wanaandika `kakamega forest entry fee`. Usichanganye lugha hizo mbili katika kila sentensi ili kuwanasa wote. Jina la Kiingereza likitajwa mara moja pale linapofaa, kwa mfano "Msitu wa Kakamega, ambao kwenye ramani ya simu utauona kama Kakamega Forest", linatosha. Ukitaka kuhudumia lugha zote mbili kikamilifu, tengeneza kurasa mbili zenye anwani tofauti na uziunganishe kwa lebo za `hreflang`, zinazoiambia Google ukurasa upi ni wa lugha ipi.

## Aina ya kwanza: makala inayojibu swali moja

Maneno yanatoka wapi. Hapa maneno yanakuja yenyewe, kwa sababu swali lenyewe ndilo neno la utafutaji. Chukua swali la yule mama: Isecheno au Buyangu? Jibu haliwezi kuandikwa bila majina. Hivi ndivyo nilivyoiandika upya aya ya kwanza:

> "Msitu wa Kakamega una pande mbili ambazo wageni huzichanganya. Isecheno uko kusini: ukitoka Kisumu unapita Chavakali, unakata kona Khayega na kupitia Shinyalu, na wasimamizi wake ni Shirika la Misitu, KFS. Buyangu uko kaskazini, unafikiwa kwa barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Kwa kuwa wasimamizi ni wawili, malipo nayo ni tofauti, kwa hiyo amua upande kabla hujatoka nyumbani."

Hesabu. "Msitu wa Kakamega" imetokea mara moja. Lakini mtu aliyeandika Isecheno, Buyangu, Shinyalu au KWS amepata ukurasa wake, na aliyetaka tu kujua aingilie wapi amejibiwa kabla ya kushusha kidole. Kichwa na maelezo mafupi yanayoonekana kwenye matokeo yalikuwa haya:

```html
<title>Msitu wa Kakamega kwa siku moja: Isecheno au Buyangu?</title>
<meta name="description" content="Tofauti ya pande mbili za msitu, njia ya kufika kutoka Kisumu, na upande unaowafaa watoto na wapanda vilima.">
```

Hayo maelezo mafupi hayakupandishi nafasi. Kazi yake ni kumshawishi aliyekwisha kukuona abofye, na mara nyingine Google huyaacha na kuchukua sentensi kutoka ndani ya makala yako. Kwa hiyo usiyageuze kuwa gunia la maneno. Yaandike kama unavyomjibu mtu dirishani.

Baada ya aya ya kwanza, vichwa vidogo vilifuata mashaka ya mteja kwa mpangilio wake: njia na usafiri, upande wa Isecheno na kilima cha Lirhanda, upande wa Buyangu na maporomoko ya Isiukhu, kisha saa ya kufika. Hapo kwenye saa ndipo ujuzi wa mwenyeji unapoonekana. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha mchana kuelekea jioni, kwa hiyo anayetaka kutembea bila kuloa anafika asubuhi. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko marudio 19.

Kazi yake. Ni kama siku moja ya kuandika, mradi unajua jibu au una dereva anayelijua. Picha tatu zinatosha, na kila moja ieleze inachoonyesha: `alt="Mbega kwenye tawi karibu na Isecheno"`. Ukiandika `alt="safari msitu kakamega bei nafuu safari kakamega"` umejaza mahali pengine tu, na umemnyima maelezo msomaji asiyeona anayesikilizishwa ukurasa na simu yake.

Inamleta nani. Inaleta watu wachache walio karibu sana kusafiri. Anayeuliza aingilie lango gani ameshaamua kwenda. Idadi ya wageni kwenye ripoti itaonekana ndogo, na mwenye kampuni anaweza kukata tamaa ukimpa takwimu hiyo bila kumwonyesha ni wangapi waliopiga simu.

Inaharibika vipi. Ada na taratibu hubadilika. KWS wanapokea malipo kupitia eCitizen, na viwango vyao hupitiwa upya mara kwa mara, hivyo mimi naweka kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wao na tarehe niliyohakiki badala ya kuandika kiwango kana kwamba ni cha milele. Lakini uharibifu mkubwa ni mwingine, nao unatokana na tamaa. Ukiona makala moja imefanya vizuri, unajaribiwa kuinakili: "Kwenda Msitu wa Kakamega kutoka Kisumu", "kutoka Nakuru", "kutoka Eldoret", "kutoka Busia", maneno yale yale ila jina la mji limebadilishwa. Google wana jina la kurasa hizo katika sera zao, wanaziita kurasa za mlango, na wanazipiga vita. Andika ya Nakuru ikiwa tu safari yake ni tofauti kweli: kutoka Nakuru ni mbali kiasi kwamba mteja anahitaji kulala, na hapo makala inageuka kuwa kuhusu malazi.

Utajua umevuka mpaka ukifungua Search Console, ukachagua neno moja, kisha ukatazama kurasa. Kama kurasa zako mbili au tatu zinapokezana kuonekana kwa swali hilo hilo, na hakuna inayopanda, umezigombanisha zenyewe kwa zenyewe. Ziunganishe ziwe moja, na anwani za zamani uzielekeze kwenye ile iliyobaki kwa `301`, yaani uelekezaji wa kudumu.

## Aina ya pili: mwongozo mpana

Huu ni ule wa "Siku tatu magharibi mwa Kenya": Kisumu na ufuo wa Dunga siku ya kwanza, mawe ya Kit Mikayi na ziwa, kisha Kakamega, na pengine hifadhi ya Saiwa karibu na Kitale kwa anayetaka kumwona nzohe, yule swala wa kinamasi.

Maneno yanatoka wapi. Yanatokana na upana wenyewe. Mwongozo mzuri hutaja mahali pengi, na kila mahali huvuta maneno yake. Hatari iko kwenye vichwa vidogo. Mwandishi aliyeambiwa alenge "utalii magharibi mwa Kenya" huandika "Utalii magharibi mwa Kenya: Kisumu", "Utalii magharibi mwa Kenya: Kakamega", "Utalii magharibi mwa Kenya: Kitale". Nakili vichwa vyako vidogo peke yake kwenye karatasi uvisome. Vikisomeka kama mpango wa safari, viko sawa. Vikisomeka kama kiitikio, futa sehemu inayojirudia. "Asubuhi Dunga, kabla wavuvi hawajamaliza kupakua" kinasema zaidi ya "Utalii Kisumu".

Kila sehemu pia inahitaji jambo moja ambalo msomaji hawezi kulipata kwa kutazama ramani. Kwa Kit Mikayi, jambo hilo ni kwamba mawe yale bado ni mahali pa ibada, kwa hiyo ukikuta watu wanasali hupigi picha bila ruhusa. Kwa Saiwa, ni kwamba hifadhi ni ndogo sana, ndogo kuliko hifadhi nyingine yoyote ya taifa nchini, na hutembelewa kwa miguu, hivyo mteja asitarajie kuzungushwa na gari. Ukikosa jambo la aina hiyo kwa mahali fulani, paondoe kwenye mwongozo. Sehemu tupu ndiyo inayojazwa maneno.

Kazi yake. Ni nyingi. Mimi huhesabu wiki nzima kwa mwongozo wa vituo vitano, pamoja na kupiga simu, kuhakiki barabara na kupata picha zetu wenyewe. Ukiuandika kwa siku moja, maana yake umenakili kutoka kurasa nyingine, na Google ina kurasa hizo tayari.

Inamleta nani. Inaleta wasomaji wengi walio mbali na uamuzi. Mtu wa Nairobi anayefikiria likizo ya Agosti, chama cha akina mama kinachotafuta pa kwenda mwisho wa mwaka, mwalimu anayepanga ziara ya shule. Huyu hapigi simu leo. Ndiyo maana mwongozo unapaswa kuwa na viungo vya kwenda kwenye makala zako za swali moja: mwalimu akifika sehemu ya Kakamega, akute kiungo chenye maneno yanayojieleza, "upande upi wa msitu unawafaa watoto", si "bofya hapa".

Lazima niseme pia kwamba mwongozo hushindana na tovuti kubwa za utalii zenye miaka mingi na viungo vingi. Kampuni ndogo mpya haitazipita kwa neno kama `things to do in kisumu` kwa kuongeza marudio. Inaweza kuzipita kwa upande ambao wao hawajui, kama mpangilio halisi wa siku unaozingatia mvua ya mchana na hali ya barabara.

Inaharibika vipi. Inachakaa kwa vipande. Hoteli moja inafungwa, barabara moja inajengwa, na msomaji akikuta kosa moja anaacha kuamini vingine tisa. Nauhakiki mara mbili kwa mwaka, kabla ya likizo ya Agosti na kabla ya Desemba. Kwenye ripoti, mwongozo uliokosa mwelekeo unajulikana hivi: umeonekana mara nyingi kwa maneno ya kila aina, lakini mibofyo karibu hakuna na wastani wa nafasi uko chini kabisa ya kurasa za mwanzo. Tazama maneno hayo. Mara nyingi moja wapo linaomba makala yake lenyewe, na ukilitolea makala hiyo, sehemu yake ndani ya mwongozo inafupishwa kuwa aya moja yenye kiungo.

## Aina ya tatu: simulizi ya safari

Maneno yanatoka wapi. Hakuna anayeandika kwenye Google "jinsi kikundi chetu kilivyonyeshewa Lirhanda". Simulizi haina neno moja la kulenga, na hapo ndipo waandishi wengi huingiwa na hofu na kuanza kuchomeka "kampuni bora ya safari Kisumu" katikati ya machweo. Usifanye hivyo. Simulizi huvuta maneno madogomadogo ambayo hakuna aliyeyapanga: gambuti, choo njiani, chakula cha mboga tu, mtoto wa miaka minne, basi la viti 33. Mtu anayeandika `kakamega forest with toddler` anaweza kufika kwako kwa sababu tu ulisimulia kwamba mtoto wa miaka minne alichoka nusu ya njia na mzee mwongozaji akamketisha kwenye gogo na kumwonyesha kima.

Kinachotakiwa ni kuifunga simulizi mahali pake. Kichwa "Siku ambayo sitaisahau" hakimwambii yeyote lolote. "Kupanda Lirhanda alfajiri na watoto: safari yetu ya Msitu wa Kakamega" kina mahali, saa, watu na tendo, na bado ni simulizi. Aya ya kwanza itaje mlikotoka, mlikokwenda, mlikuwa wangapi na mwezi gani. Baada ya hapo msimulizi aachwe asimulie, na msitu uitwe "humo" na "huko" kama tunavyozungumza.

Kazi yake. Kuandika ni kwepesi, kupata malighafi ni kugumu. Lazima mtu aliyeenda aandike, au akae na wewe saa moja akusimulie huku unarekodi. Nimeona simulizi zilizotungwa ofisini na mtu ambaye hajafika. Unazijua kwa vivumishi: mandhari ya kupendeza, hewa safi, tukio la kipekee. Hazina tope.

Inamleta nani. Kutoka Google, wachache. Lakini ndiyo inayosomwa na mteja aliyekwisha pata bei kutoka kampuni tatu na anataka kujua ni nani aliyewahi kweli kupeleka watu huko. Google nao, katika miongozo ya wapimaji wa ubora wa matokeo, waliongeza mwishoni mwa 2022 kigezo cha uzoefu wa aliyeandika: je, amefika, ameonja, ametumia? Simulizi yenye picha zenu wenyewe inakionyesha hicho bila kujitangaza.

Inaharibika vipi. Haichakai sana, kwa sababu imefungwa kwenye tarehe yake. Udhaifu wake ni kuficha jibu. Msomaji anayetaka gharama anapita aya kumi na mbili za ukungu kabla ya kuipata. Weka kisanduku kifupi juu kabisa: njia, muda, upande wa msitu, nani anafaa, na kiungo cha makala ya swali moja. Na uombe ruhusa ya wateja kabla ya kuweka picha zao, hasa za watoto.

## Kwa hali yako

Kama tovuti ni mpya na una mtu mmoja wa kuandika kati ya kazi nyingine, anza na makala za swali moja, tano au sita, kila moja kutoka kwenye ujumbe halisi wa mteja. Usigusie mwongozo bado. Ukishakuwa na hizo, mwongozo utakuwa mwepesi kwa sababu una pa kuwapeleka wasomaji.

Kama tayari una makala kumi na kitu na zimelala, pengine huhitaji makala mpya kabisa. Fungua ripoti, tafuta ukurasa unaoonekana sana lakini haubofywi, andika upya kichwa na aya ya kwanza ziwe jibu la neno linaloongoza kwenye orodha yake. Kisha iombe Google iusome ukurasa upya kupitia `URL Inspection` ndani ya Search Console, na uupe wiki kadhaa kabla ya kuupima. Kuupima kesho yake ni kujisumbua.

Kama wateja wako wengi ni shule, makanisa na vyama, simulizi ya kikundi kinachofanana nao itafanya kazi kuliko nyingine mbili, lakini ipitie WhatsApp na Facebook kwanza. Mwalimu mkuu atamtumia mwenzake kiungo. Google itakuja nyuma yao.

Kama soko lako ni wageni wa nje wanaopanga miezi sita kabla, mwongozo unastahili ile wiki nzima, na uwe kwa lugha wanayotafutia. Uoanishe na simulizi moja ili waone kuna watu halisi nyuma ya tovuti.

Na kama bosi amekupa orodha ya maneno kumi yanayofanana na anataka yote yawe ndani ya makala moja, kaa naye mfungue Google pamoja. Andikeni neno la kwanza, kisha la pili. Kurasa zinazotokea zikiwa karibu zile zile, maneno hayo ni swali moja na makala moja inatosha, kwa neno lolote kati ya hayo. Zikiwa tofauti kabisa, mna makala mbili za kuandika, na kila moja ina jambo lake la kusema. Tulifanya hivyo na mwenye ile kampuni ya Kisumu, na orodha yake ya maneno kumi ikageuka kuwa maswali matatu. La kwanza lilikuwa lile la yule mama.